Mtu wa Nyuma ya Meza

Studio za picha, iwe Kariakoo au Mwembe Tayari, zinalijua sana ombi hili. Sherehe imekwisha, picha ya familia imetoka vizuri, lakini mmoja hayumo. Yuko Maskati kazini na hakupata ruhusa. Mama mtu anataka awemo, na anaonyesha kwa kidole nafasi iliyo kando ya dada yake, nyuma ya meza ya keki. Fundi anapokea picha ya kijana kwa simu, anamkata, anambandika, anapunguza mwanga kidogo, kazi inachapwa. Ikifika nyumbani kila mtu anaona kuna kitu hakikukaa sawa, ila hakuna anayeweza kukitaja.

Lawama huangukia ukataji: nywele zimeliwa, sikio limepungua. Hayo yapo, lakini mara nyingi kosa liko kwenye meza. Mtu anayesimama wazi mbele ya ukuta anahitaji kukatwa tu. Mtu anayesimama nyuma ya kitu anahitaji kitu hicho kimfunike mahali panapostahili, kwa kiasi kinachostahili, na kwa ukali au ulaini uleule kilio nao kwenye picha. Jicho la binadamu limezoea kuona vitu vikifunikana tangu utotoni, na hapo ndipo linapokamata uongo haraka kuliko mahali pengine popote.

Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1857 mpigapicha Oscar Rejlander, aliyefanya kazi Uingereza, alionyesha mjini Manchester picha moja kubwa aliyoiunganisha kutokana na negativu zaidi ya 30. Alichapa kipande kimoja kimoja juu ya karatasi huku sehemu nyingine akizifunika zisipate mwanga. Programu za leo zinafanya jambo lilelile. Photoshop ilipata leya mwaka 1994, katika toleo lake la 3.0, na GIMP, ambayo haiuzwi, inazo pia. Leya ni picha juu ya picha. Maski ni kifuniko kinachoambatana na leya: palipo peupe kwenye maski leya inaonekana, palipo peusi inafichika, na palipo kijivu inaonekana nusunusu. Kijivu hicho tutakihitaji baadaye, tukifika kwenye chupa ya maji.

Tuanze na swali ambalo mafundi wengi hulipita: meza inamfunika mtu mpaka wapi?

Ukiwauliza watu, wengi watasema kiunoni. Ndiyo maana picha nyingi za kubandika zina mtu anayetokeza juu ya meza kuanzia kwenye mkanda wa suruali, hasa kwa kuwa picha iliyotumwa nayo ilikatiwa hapohapo. Lakini meza ya kulia chakula ina urefu wa kama sentimita 75 kutoka sakafuni. Kwa mwanamume wa mita 1.75, hapo ni katikati ya paja, na hiyo ni kama amesimama akiigusa meza kabisa. Akisimama hatua moja nyuma, na kamera ikiwa juu kuliko meza, kamera inamwona kwa kumtazama kutoka juu ya ukingo wa meza, kwa hiyo sehemu inayofichika inapungua zaidi. Mtu aliyekatwa kiunoni akaegeshwa kwenye ukingo wa meza anaonekana ama amekaa, ama amepiga magoti, ama meza imekuwa kaunta ya baa.

Njia ya kulijua hili bila kubahatisha ni kutafuta mstari wa kamera. Kama sakafu ni tambarare, kila kitu chenye kimo sawa na kimo cha kamera kinaugusa mstari mmoja wa mlalo ndani ya picha, kiwe karibu au mbali. Kamera ikishikwa kwa kimo cha mita 1.5, mstari huo utampita kila aliyesimama mahali palipo mita 1.5 kutoka kwenye nyayo zake. Mstari wenyewe unapatikana kwenye meza ileile: chukua kingo zake mbili za pembeni, zile zinazokwenda kutoka kwa mpigapicha kuelekea ukutani, uzirefushe kwa mistari miwili kwenye leya ya muda mpaka zikutane. Pale zinapokutana ndipo mstari wa kamera ulipo. Chora mstari wa mlalo hapo, kutoka kushoto hadi kulia.

Sasa tuifanye hesabu ya kijana wetu. Tuseme kwenye picha ya sherehe mstari unapita machoni mwa dada yake, pikseli 60 chini ya utosi. Dada ana kimo cha mita 1.60, na kutoka utosini hadi usawa ule ni kama sentimita 10, kwa hiyo kamera ilikuwa kwenye mita 1.50. Ikiwa sentimita 10 ni pikseli 60, basi katika safu ile ya watu mita moja ni pikseli 600. Kipimo kifupi kama hicho hakiaminiki peke yake, maana ukikosea pikseli tano umeharibu hesabu yote. Kipime tena kwa kitu kirefu zaidi. Kichwa cha mtu mzima kutoka kidevuni hadi utosini ni kama sentimita 22, kwa hiyo kichwa cha dada kinapaswa kuwa na pikseli 130 hivi. Kikiwa hivyo, endelea.

Kijana ana mita 1.75. Utosi wake utakaa sentimita 25 juu ya mstari wa kamera, yaani pikseli 150. Nyayo zake zitakaa mita 1.5 chini ya mstari, yaani pikseli 900, mahali fulani kwenye sakafu ambayo haionekani kwa sababu ya meza. Haidhuru. Weka alama hapo vilevile, umsimamishe kijana mzima, na viatu vyake, juu ya alama hiyo. Kwenye skrini atakuwa amepita juu ya keki, juu ya kitambaa, miguu yake imekanyaga sahani za biriani. Mwache hivyo kwa sasa.

Kisha pima ukingo wa nyuma wa meza, ule ulio upande wa watu. Tuseme uko pikseli 530 chini ya mstari wa kamera. Gawa kwa 600, unapata mita 0.88 hivi. Toa kwenye mita 1.50, inabaki mita 0.62. Basi meza yenye sentimita 75 inamfunika kijana huyu mpaka sentimita 62 tu, juu kidogo ya magoti. Sehemu kubwa ya mapaja yake inapaswa kuonekana. Asiyependa hesabu amtazame dada: mahali meza inapoikata sketi yake ndipo itakapoikata suruali ya kaka, kwa kuwa wako safu moja. Kwa hiyo picha ya kiunoni kwenda juu haitoshi, hata ingekuwa nzuri kiasi gani. Ni heri kumwambia mama hivyo kabla ya kupokea malipo ya awali.

Kinachofuata ni barua kwa kijana, au tuseme ujumbe wa sauti, maana ndivyo watu wanavyowasiliana. Asijipige mwenyewe kwa mkono. Simu ikiwa nusu mita kutoka usoni inaukuza pua na kuyarudisha masikio nyuma, na sura ya namna hiyo haiwezi kukaa kando ya sura zilizopigwa kutoka mita tatu. Amwombe mwenzake asimame mita tatu, simu iwe kwenye kimo cha mita 1.5, mtu aonekane kutoka utosini hadi viatuni. Mwanga utoke upande uleule uliotokea ukumbini. Kama dirisha la ukumbi lilikuwa kushoto kwa mpigapicha, naye asimame hivyo. Ukuta wa nyuma usiwe na rangi kali, kwa sababu rangi hiyo hujipaka kwenye kingo za mashati meupe na kwenye mashavu. Na picha aitume WhatsApp kama faili, yaani kwa kuchagua Document, isije ikabanwa na kupoteza uzi wa nguo na unywele.

Sasa kumfunika. Fundi mwepesi anachukua kifutio na kuifuta miguu iliyokanyaga biriani. Kimeisha, anasema. Dakika kumi baadaye mama anaomba kijana asogee kidogo kushoto, asimkinge mjomba, na hapo miguu iliyofutwa haiko tena: ukimsogeza anasogea na kingo zilizokatwa kwa umbo la sahani na keki. Ndiyo maana hakuna anayejua kazi hii anayefuta. Sehemu inayofichika iendelee kuwepo, ifichwe tu.

Njia mbili zinatumika. Ya kwanza ni kunakili meza na vilivyo juu yake, kuiweka leya hiyo juu ya kijana, akawa katikati kama nyama ya sambusa. Ni rahisi kuielewa, na kwa meza tupu inafaa. Udhaifu wake unatokea pale unaporekebisha mwanga wa picha ya chini ukasahau nakala ya juu. Meza inakuwa na rangi mbili na mstari wa mshono katikati.

Ya pili ndiyo ninayoiamini. Kijana anakuwa na maski yake mwenyewe, inayoficha ukuta wa kule Maskati na kumwacha yeye. Kisha leya yake inawekwa ndani ya kundi, lile linaloitwa Group kwenye Photoshop na Layer Group kwenye GIMP, na kundi hilo linapewa maski ya pili. Maski hii ya pili ni ya meza, wala si ya kijana: ni nyeusi palipo na meza, keki, sahani na maua, na nyeupe kwingine kote. Sasa ukimshika kijana ukamsogeza kushoto, kulia, mbele au nyuma, anapita nyuma ya meza kama mtu anayetembea ukumbini, kwa kuwa maski ya meza imebaki na meza. Wanaotumia GIMP wanahitaji toleo la 2.10 au la baadaye. Makundi ya matoleo ya zamani hayakubali maski.

Kingo za meza zichorwe kwa Pen Tool, au Paths kwa wa GIMP, si kwa kifaa kinachokisia rangi. Kitambaa cheupe mbele ya ukuta wa krimu kitamchanganya mkisiaji yeyote. Usitegemee pia rula ya programu kwa meza ndefu, kwa sababu lenzi pana ya simu huupinda ukingo kidogo, na mstari ulionyooka kabisa utauacha ukingo halisi katikati na kuukuta tena mwishoni.

Ukishachora, kuza picha mpaka asilimia 200 na utazame ukingo wa meza mahali ambapo hapana mtu. Hauishi ghafla. Kutoka kwenye kitambaa hadi kwenye ukuta kuna pikseli mbili au tatu za mpito. Maski yako nayo iwe na ulaini huohuo. Ikiwa kali kuliko ukingo halisi, meza itaonekana imekatwa kwa wembe. Ikiwa laini mno, kijana atatoka ukungu mapajani. Na kama meza iko karibu sana na kamera hata ikatoka nje ya fokasi, mpito unaweza kufika pikseli 20 au zaidi, na maski lazima ipanuke hivyo hivyo. Kwa kawaida ukingo wa mbele ni laini na wa nyuma ni mkali, kwa hiyo maski moja inaweza kuhitaji ulaini wa aina mbili.

Zile pikseli za mpito zina ubaya mmoja. Ndani yake rangi ya kitambaa imechanganyika na rangi ya ukuta uliokuwa nyuma. Ukimweka mtu mwenye suti nyeusi hapo, ukuta wa krimu unabaki umening'inia kwenye ukingo kama uzi mweupe kati ya suti na meza. Huu ndio ushahidi ambao hata mtoto anauona. Dawa ni kuisukuma maski ya meza ndani kwa pikseli moja ili suti iufunike uzi huo. Palipobaki, pakwa kwa brashi ndogo rangi iliyochukuliwa kwenye kitambaa chenyewe, kwenye leya mpya iliyo juu.

Kabla ya kuendelea, mwondoe kijana kwa muda na mahali pake uweke leya iliyojaa rangi nyekundu kali, ndani ya kundi lilelile. Kila tundu ulilolisahau, kati ya mshikio wa kikombe, kati ya majani ya maua, chini ya upinde wa kishikio cha jagi, litajitaja. Nafasi kati ya majani ndizo husahaulika zaidi. Ukuta unabaki umeonekana katikati ya ua ilhali nyuma yake inapaswa kuwepo suti.

Tumefika kwenye chupa ya maji, na hapa inafaa kutulia. Chupa ni kitu cha mbele, kwa hiyo kimantiki iko kwenye maski nyeusi. Lakini ndani yake unaonekana ukuta. Kijana akisimama nyuma yake na chupa ikaendelea kuonyesha ukuta wa krimu, picha inasema chupa iko nyuma yake na mbele yake kwa wakati mmoja. Kwa glasi tupu, suluhisho ni kijivu: mwili wa glasi uwe wa kijivu chepesi kwenye maski ili suti ionekane kupitia humo, kingo zake na vimulimuli vya mwanga vibaki vyeusi ili visifunikwe.

Chupa iliyojaa maji ni nyingine. Maji ndani ya chupa ya duara ni lenzi. Kwa chupa ya kawaida yenye upana wa sentimita 7, kitu chochote kilicho nyuma yake kwa zaidi ya sentimita 7 hivi, ukipima kutoka katikati ya chupa, kinaonekana kimegeuzwa kushoto kuwa kulia. Jaribu mezani kwako kwa karatasi yenye mshale. Kwa hiyo ndani ya chupa inapaswa kuonekana suti iliyogeuzwa na kubanwa, na kama chupa iko kwenye ubavu wake wa kushoto, suti itajaza upande wa kushoto wa chupa na ukuta upande wa kulia, kinyume na matarajio. Inafanyika: nakili kipande cha kijana, kigeuze mlalo, kibane, kiweke ndani ya umbo la chupa, rudisha vimulimuli juu yake. Lakini ukiniuliza, nitamsogeza kijana nusu hatua asiwe nyuma ya chupa. Nafasi ya kusogea ndiyo faida ya maski mbili.

Mikono nayo ina mtego. Kijana akiwa ameiegemeza mikono juu ya meza, sehemu yake moja iko nyuma ya ukingo na nyingine iko mbele yake. Maski ya meza itaikata mikono. Unaweza kuifungulia njia, lakini mikono iliyopigwa bila meza huwa haina uzito. Vidole havibonyei, na chini ya kiganja hakuna kile kivuli chembamba cheusi kinachoonyesha kwamba ngozi imegusa kitambaa. Mwambie ashushe mikono, au aikunje mbele.

Kivuli hakimalizwi kwa amri moja. Tazama dada anaweka kivuli wapi ukutani, na kijana aweke upande huohuo, kwa ukali huohuo, kwenye leya ya hali ya Multiply iliyo chini yake na juu ya picha ya sherehe. Kama bega lake liko nyuma ya bega la dada, dada amegeuka kuwa kitu cha mbele kama meza, naye anaingia kwenye maski ya kundi, na kivuli kidogo cha dada kiangukie kwenye koti la kaka. Kitambaa cheupe nacho hurudisha mwanga juu. Watu wote wa nyuma ya meza wana mwanga kidogo chini ya kidevu. Asiyekuwa nao ndiye mgeni. Kisha geuza picha nzima kwa muda iwe nyeusi na nyeupe, uone kama weusi wa suti yake unalingana na weusi wa suti ya mjomba. Rangi hudanganya, weusi na weupe haudanganyi sana. Mwisho, chembechembe: picha za ukumbini usiku zina chembe, ya mchana haina. Mwongezee.

Kwa nguzo kuna machache ya kuongeza. Mtu anaonekana pande zote mbili za nguzo, na jicho linaunganisha pande hizo lenyewe, kwa hiyo asikatwe vipande viwili na kubandikwa kimoja kimoja, la sivyo mabega yatapishana. Awe mmoja, nguzo iwe maski. Na nguzo isipite katikati ya uso. Si kosa la ufundi, ni kwamba mama hatailipia picha ya mwanawe mwenye chuma puani.

Uzio wa waya ndio mtihani. Tuseme ni picha ya kiwanja cha mpira, na mtu awe upande wa pili wa wavu wenye macho ya sentimita 5 na waya wa milimita 3. Kuchora kila waya kwa mkono ni adhabu. Badala yake, tazama chaneli tatu za picha, nyekundu, kijani na bluu, uchague ile ambayo waya umetofautiana zaidi na nyuma yake. Waya wa fedha mbele ya nyasi mara nyingi hujitenga vizuri kwenye bluu, kwa kuwa nyasi huko huwa nyeusi. Nakili chaneli hiyo, ongeza utofauti kwa Levels mpaka waya uwe mweupe na nyasi nyeusi, kisha pindua rangi zake, kwa sababu kwenye maski tunataka waya ndio ufiche. Ubandike uwe maski ya kundi.

Njia hii inakwama pale waya unapopita mbele ya anga. Mbele ya nyasi waya ni mweupe, mbele ya mawingu ni mweusi, na hakuna chaneli itakayoutoa wote kwa pamoja. Fanya sehemu mbili, moja ya chini na moja ya juu, kisha uziunganishe. Palipokataa kabisa, chora waya upya kwa brashi yenye upana wa waya wenyewe. Na kama mpigapicha alikuwa karibu na uzio akafokasi mbali, waya umekuwa ukungu mpana unaopenyeka. Hapo maski lazima iwe ya kijivu, tena katika ukungu huo kuna rangi ya nyasi ndani yake. Mtu akiwa na shati jeupe, kila waya utaonekana umepakwa kijani. Kwa picha ya namna hii mimi hushauri jambo moja: tafuta picha nyingine.

Wengi huuliza kama uzio uweke kivuli juu ya mtu. Jibu linategemea umbali, na lina hesabu yake. Jua si nukta. Upana wake angani ni kama nusu digrii, na kwa sababu hiyo kiini cha kivuli cha kitu chembamba huisha kwa umbali wa takriban mara 107 ya unene wake. Waya wa milimita 3 unapoteza kiini cha kivuli baada ya sentimita 32. Mtu aliyeegemea uzio lazima awe na michoro ya almasi shatini. Aliye mita moja nyuma ana michirizi laini iliyofifia, na aliye mita mbili nyuma ana michirizi iliyofifia zaidi. Bomba la uzio lenye unene wa sentimita 5 ni jambo jingine: kiini cha kivuli chake kinafika zaidi ya mita tano, kwa hiyo kama jua liko nyuma ya mpigapicha na bomba liko kati ya jua na mtu, kivuli chake kitampita mwilini hata akiwa hatua kadhaa nyuma. Mafundi huweka michoro ya waya kwa bidii na kulisahau bomba.

Tofauti nyingine ya uzio na meza ni miguu. Nyuma ya meza nyayo ni alama tu uliyoiweka wewe mwenyewe. Nyuma ya wavu zinaonekana. Zikae mahali hesabu ya mstari wa kamera inapoziweka, nyasi chache zipande juu ya soli, na kivuli kianzie kwenye kisigino penyewe bila pengo.

Kuna picha ambazo kazi hii haiingii kabisa. Picha ya habari, ya kesi, ya bima, ya kuthibitisha kwamba fulani alikuwapo mahali fulani: hizo haziongezwi mtu, iwe nyuma ya meza au ya uzio. Picha ya ukutani nyumbani ni ya familia, na nyuma yake inatosha kuandika kwa kalamu nani aliongezwa na mwaka gani, wajukuu wasije wakabishana.

Na kama unajua mapema kwamba mtu hatakuwepo, mwambie mpigapicha siku hiyohiyo. Wapange watu waache nafasi yake. Msimamishe hapo kwa picha moja jamaa mwenye kimo kinachokaribiana na chake, kisha aondoke, na picha ya pili ipigwe bila kuisogeza kamera. Picha ya kwanza itamwonyesha fundi meza inakata wapi, kivuli kinalala wapi, na chupa inaonyesha nini ndani yake. Ya pili ndiyo atakayomwekea mtu wako. Hesabu yote iliyoandikwa hapa juu haitahitajika tena.